Ajira haipatikani: lini mhitimu wa Lushoto aanze biashara, na aanze vipi

Kila tunapofungua simu za wasikilizaji kuzungumzia ajira, swali moja hurudi kwa sauti tofauti. Anaweza kupiga kijana kutoka Mlalo, mama kutoka Bumbuli anayemuulizia mwanawe, au mzee wa Soni aliyeuza shamba la miti ili kusomesha. Wote wanauliza kitu kimoja: mtoto amemaliza chuo miaka mitatu au minne iliyopita, ameomba kazi hadi amechoka, je, aendelee kusubiri au aingie kwenye biashara ndogo?

Hewani muda huwa mfupi na majibu huishia kuwa mawili. Mmoja husema vumilia, mwingine husema acha kuchagua kazi. Yote mawili hayamsaidii mtu kuamua. Katika makala hii tunachukua mfano mmoja wa hapa kwetu na kuupigia hesabu hatua kwa hatua, ili anayesoma aweze kuweka namba zake mwenyewe mahali pa zile za mfano.

Mfano wetu ni dada wa miaka 29, mwenye stashahada ya ualimu, anayeishi kwa wazazi wake Mlalo. Si mtu fulani tunayemjua. Tumemuunda kutokana na mambo tunayoyasikia kila wiki, na bei tunazotaja ni za kufundishia hesabu tu, kwa kuwa bei ya mazao hubadilika kila gulio.

Kwanza, hesabu ya kutafuta kazi

Watu wengi husema "ninatafuta kazi" bila kujua kutafuta kunawagharimu kiasi gani. Dada yetu anachukua daftari na kuandika mwaka mmoja uliopita. Alituma maombi 14. Bando la intaneti lilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, sawa na 120,000 kwa mwaka. Mara nne alipeleka nakala za vyeti kwa wakili kuthibitishwa na kuchapa barua, kila mara 15,000, jumla 60,000. Mara mbili kwa mwezi alishuka Lushoto mjini, nauli ya kwenda na kurudi 8,000, jumla 192,000. Usaili wa kuandika aliitwa mara mbili, mmoja Dodoma na mwingine Tanga, na safari zote mbili zilimla 180,000.

Jumla ni 552,000, yaani 46,000 kwa mwezi. Fedha hizo zilitoka kwa baba, kwa kaka aliye Dar es Salaam, na kwenye vibarua vya kupalilia.

Kisha anahesabu siku. Safari 24 za mjini na siku kama tano za usaili ni siku 29. Tuongeze siku 30 za kujisomea. Mwaka mzima, kazi yenyewe ya kutafuta kazi ilichukua kama siku 60. Siku nyingine zote zaidi ya 300 zilikuwa za kusubiri simu.

Hapo ndipo swali linapobadilika. Wengi hudhani wanachagua kati ya kutafuta kazi na kufanya biashara, kwamba ukishika moja umeachia nyingine. Kwa upande wa siku, si kweli, maana kutafuta kazi kunachukua sehemu ndogo ya mwaka. Vinavyogombana ni vitu viwili tu: fedha, kwa sababu nauli ya usaili na mtaji hutoka mfuko mmoja, na moyo wa mtu, kwa sababu kuna wanaoona kwamba kukaa gengeni ni kutangaza kuwa wameshindwa.

Pili, soma majibu uliyokwisha kupata

Idadi ya miaka uliyosubiri haisemi mengi. Kinachosema ni hatua ambayo maombi yako hukomea. Kwa ajira za serikali, maombi hupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye anwani portal.ajira.go.tz. Kuna hatua tatu: kuitwa kwenye usaili, kupita mchujo wa kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana au usaili wa vitendo kwa kada zinazohitaji. Walimu nao siku hizi hupitia usaili kupitia Sekretarieti hiyo.

Kama umeomba mara 10 au zaidi na hujawahi kuitwa hata mara moja, usilaumu bahati kabla ya kuangalia karatasi zako. Makosa ya kawaida yanajulikana: majina ya cheti cha kuzaliwa yasiyofanana na ya cheti cha kidato cha nne bila hati ya kisheria ya kubadili jina, vyeti visivyothibitishwa na wakili, kupakia karatasi ya matokeo mahali pa cheti chenyewe, au kuomba nafasi ambayo sifa zake si za kozi uliyosoma. Ingia kwenye akaunti yako uangalie hali ya kila ombi. Rekebisha, kisha jipe miezi sita mingine. Ikiwa miezi sita imepita, karatasi ziko sawa na bado huitwi, hiyo ni dalili kwamba fani yako ina waombaji wengi mno kwa nafasi zilizopo. Kutafuta kusipewe tena siku zako zilizo bora.

Kama unaitwa lakini unaishia kwenye mchujo, tatizo lako ni tofauti. Uko karibu zaidi, na kinachokuangusha ni alama. Kwako saa za kujisomea zina thamani kubwa kuliko maombi mengine 20. Biashara utakayochagua iwe ile inayokuachia jioni, au siku mbili nzima kila wiki, za kukaa na vitabu.

Kama umepita hadi mahojiano na jina lako limehifadhiwa kwenye kanzidata ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, usifunge mlango. Unaweza kupangiwa kituo bila usaili mpya, mradi muda wa kuhifadhiwa haujaisha. Kwa huyu, biashara iwe ile anayoweza kuikabidhi kwa mdogo wake ndani ya wiki moja, na asichukue mkopo utakaomfunga miguu.

Na wote watatu wakumbuke jambo moja linalosahauliwa. Matangazo mengi ya ajira za serikali huweka ukomo wa umri wa miaka 45. Mwenye miaka 29 anayeanza kuuza karoti leo hajafuta jina lake popote. Ana miaka 16 mbele yake ya kuendelea kuomba.

Dada yetu aliomba mara 14 na kuitwa mara mbili, zote zikaishia kwenye mchujo. Yuko kundi la pili. Atafute biashara ya kumwachia muda wa kusoma.

Tatu, jaribio la mwezi mmoja

Nyumbani ana akiba ya 180,000. Kabla ya kununua chochote anaigawa. Shilingi 60,000 anamwekea mama yake: hiyo ni nauli ya usaili na haiguswi, hata karoti zishuke bei namna gani. Zinabaki 120,000, na hizo ndizo anazokubali zipotee. Akizipoteza zote, jaribio limekwisha na hakuna anayemdai.

Anachagua karoti kwa sababu zinalimwa karibu na kwao na hazinyauki haraka kama majani. Atanunua jioni kwa mkulima na kesho yake asubuhi kushuka Mombo, chini ya mlima, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, ambako kuna wakazi, mama lishe na wasafiri. Atafanya hivyo mara mbili kwa wiki. Siku tatu zinabaki za kusoma na kuomba kazi.

Safari ya gunia moja inakuwa hivi. Gunia 35,000, kuosha 2,000, kubebesha hadi barabarani 2,000, ushuru wa soko 1,000, kusafirisha gunia 5,000. Hiyo ni 45,000. Halafu nauli yake ya kwenda na kurudi 10,000, na chakula 2,000. Jumla 57,000.

Gunia linatoa sado 22. Ishirini anauza kwa 3,500, anapata 70,000. Mbili za mwisho zimevunjikavunjika, anaziachia kwa 1,500 kila moja. Jumla 73,000. Kimebaki 16,000.

Wengi huishia hapo, wanasema nimepata faida ya 16,000 kwa siku. Lakini safari hiyo imekula siku mbili, jioni ya kununua na kufunga pamoja na siku ya kuuza. Kwa hiyo ni 8,000 kwa siku, na hiyo ni safari nzuri. Safari zote haziwi nzuri, na jaribio linafanywa kusudi zile mbaya nazo zionekane.

Katika safari nane za mwezi, tuseme tano zilikwenda vizuri. Mbili alikuta Mombo karoti zimejaa, bei imeshuka hadi 2,500 kwa sado, akauza 53,000 na kupoteza 4,000 kila mara. Moja mvua ilinyesha usiku, barabara ya vumbi ikawa utelezi, gari likalala njiani. Alipofika siku ya pili nusu ya mzigo ilikuwa imelainika, akauza 35,000 na kupoteza 22,000.

Hesabu ya mwezi: safari tano zimeleta 80,000. Toa 8,000 za bei mbaya, toa 22,000 za mvua. Kimebaki 50,000 kwa siku 16 za kazi, yaani kama 3,100 kwa siku. Kama kibarua cha kupalilia kijijini kwao ni 6,000, basi kwa gunia moja karoti zinamlipa nusu ya jembe.

Mtu aliyeanza bila kuandika angefika mwezi wa nne anashangaa fedha inakwenda wapi. Aliyeandika anaona wazi. Kila safari inabeba 12,000 za nauli na chakula chake, iwe amebeba gunia moja au mawili. Gharama hiyo ndiyo inayommaliza.

Mwezi wa pili, magunia mawili

Mtaji wake sasa ni 120,000 na ile 50,000 aliyobakiza, jumla 170,000. Anapanda hadi magunia mawili. Mzigo ni 90,000, na nauli na chakula ni zile zile 12,000, jumla 102,000. Safari nzuri inaleta 146,000, kinabaki 44,000. Safari ya bei mbaya inaleta 106,000, kinabaki 4,000 mahali pa hasara. Safari ya mvua inaleta 70,000, hasara 32,000.

Mwezi ukienda kama ule wa kwanza, safari tano nzuri ni 220,000, mbili za bei mbaya ni 8,000, na ya mvua inatoa 32,000. Kinabaki 196,000 kwa siku 16, yaani 12,250 kwa siku. Akitoa 46,000 za kutafuta kazi, bado ana 150,000. Kwa mara ya kwanza tangu amalize chuo, nauli ya kwenda Dodoma anaitoa mwenyewe.

Hesabu hii ina sharti moja. Lazima Mombo kuwe na wanunuzi wa sado 44 kwa siku moja. Hilo daftari pekee haliwezi kulijibu. Mwezi wa kwanza alipaswa kuandika saa aliyomaliza kuuza. Kama gunia moja lilikuwa likiisha saa 6 mchana, kuna nafasi ya la pili. Kama lilikuwa likiisha jioni kwa kubembeleza, gunia la pili litalala, na atahitaji soko jingine au mama lishe watatu wanaochukua kila wiki kwa bei ya chini kidogo.

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo hiki. Baada ya safari 16, gawa kilichobaki kwa siku zote ulizotumia. Kikiwa juu ya kibarua cha kijijini kwenu, biashara hiyo imestahili siku zako na kutafuta kazi kuwe shughuli ya siku zinazobaki. Kikiwa chini, badili zao, soko au kipimo cha mzigo mara moja tu, ujaribu tena. Kikishindwa mara ya pili, acha biashara hiyo. Hujashindwa maisha, umejua kwa mtaji mdogo jambo ambalo wengine wamelijua kwa kuuza ng'ombe.

Yanayoua mtaji kabla ya soko

La kwanza ni kula mtaji. Mtu anarudi na 146,000 mkononi na kujiona ana fedha, kumbe 102,000 ni mzigo wa safari ijayo. Funga fungu hilo kwenye kitambaa chake kabla hujafika nyumbani.

La pili ni kukopesha. Jirani anachukua sado mbili "nitakupa Ijumaa". Sado mbili kila safari, kwa safari nane, ni 56,000, zaidi ya faida nzima ya mwezi wa kwanza.

La tatu ni lumbesa. Gunia lenye kilemba juu huonekana rahisi kwa mnunuzi, lakini Sheria ya Vipimo hairuhusu kifungashio cha mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata wanaokiuka. Mkulima anapunjwa, na mzigo uliojazwa kupita kiasi huvunjika chini. Nunua kwa mizani inapowezekana. Utajua pia ni kilo ngapi hasa zinapotea njiani.

La nne, na baya kuliko yote, ni kuanza kwa mkopo wa kausha damu. Karoti zina wiki mbaya, lakini marejesho hayana. Ile safari ya mvua iliyopoteza 32,000 ingemfanya dada yetu auze simu yake ili kulipa. Kama biashara imeshajithibitisha na unataka kuikuza, uliza kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo tafuta wenzako mnaofanya kazi mnayoijua tayari.

Kuhusu kodi, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 hatozwi kodi ya mapato. Angalia neno "mauzo". Gunia moja kwa safari nane za mwezi linazidi kiasi hicho ndani ya mwaka, ingawa faida ni ndogo. Ukiona mwezi wa pili umekwenda vizuri, nenda ofisi ya TRA ukaulize unaangukia kundi gani kabla hujaulizwa wewe.

Maneno ya nyumbani

Linabaki la wazazi. Hapa Usambara elimu ya mtoto mara nyingi imelipwa kwa kitu kinachoonekana: shamba, ng'ombe, miti. Mzazi anapoona mwalimu wake anafunga gunia, anaona shamba lake likienda bure. Msikilizaji mmoja alitusimulia baba yake alivyomwambia, "Mwanangu, nilikusomesha uje uuze karoti?" Naye akakosa la kujibu.

Daftari ndilo jibu. Kaa na mzee jioni, umwonyeshe kurasa mbili. Ya kwanza: "Baba, mwaka jana kutafuta kazi kulitugharimu 552,000, na wewe ulitoa sehemu kubwa." Ya pili: "Nauli ya usaili iko kwa mama, siigusi. Siku tatu za wiki ninasoma. Hizi nyingine ndizo nilizokuwa nakaa bure." Kisha taja tarehe ya kukaa tena pamoja kutazama namba. Mzazi anayeogopa kwamba mtoto amekata tamaa hutulia akiona kwamba maombi bado yanatumwa.

Tarehe hiyo ni muhimu kwako pia. Iandike leo, kabla ya kununua gunia la kwanza: siku ya kusoma upya majibu ya maombi yako, na siku ya kupima biashara kwa kibarua. Anayepanga tarehe mapema huamua akiwa ametulia. Asiyepanga huamua siku ambayo mvua imemlaza njiani, au siku ambayo jina lake limekosekana tena kwenye orodha, na siku kama hizo si za kuamulia jambo la maisha.